Matangi matatu, makutano mamoja: kutatua matatizo ya kimo, mwelekeo na mtiririko

Malalamiko yanayowafikia mafundi wa maji hapa Malindi hufanana. Tangi la kati halijai. Au lilijaa jana, leo asubuhi limeshuka na hakuna bomba lililopasuka. Au hesabu ilifanywa vizuri kwenye karatasi, lakini geji pale makutano inasema jambo jingine. Mara nyingi bomba halina kosa lolote. Kosa ni kwamba mtu aliamua tangi la kati linapokea maji au linatoa kabla ya kupima, akajenga hesabu yote juu ya uamuzi huo.

Ili tuwe na kitu cha kushika, tuchukue mfano mmoja na tukae nao hadi mwisho. Tangi A limo upande wa bara, na uso wa maji yake uko mita 42.0 juu ya usawa wa bahari. Tangi B limo mtaani, mita 33.0. Tangi C liko upande wa pwani na linahudumia nyumba za wageni, mita 24.0. Kila tangi lina bomba lake, na mabomba yote matatu yanaungana kwenye chemba moja tutakayoiita makutano. Bomba la A lina urefu wa mita 900 na kipenyo cha milimita 150. La B lina mita 400 na milimita 100. La C lina mita 700 na milimita 150. Kigezo cha msuguano tukichukue kuwa 0.02 kwa yote. Vimo hivi ni vya mfano. Ukifanya kazi yako, weka vyako.

Jambo la kwanza ni kulifanya kila bomba liwe namba moja. Mita za kimo zinazoliwa na msuguano ni h = k·Q², na k = 0.0826·f·L/D⁵, ambapo f ni kigezo cha msuguano, L ni urefu na D ni kipenyo, vyote viwili kwa mita, na Q ni mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde. Ukitaka kutumia lita kwa sekunde, gawanya k kwa milioni moja. Tukifanya hivyo tunapata 0.01958 kwa bomba la A, 0.06608 kwa la B, na 0.01523 kwa la C. Kuanzia hapa tunahitaji namba hizi tatu na vimo vitatu tu.

Kisichojulikana ni kimo cha maji pale makutano, tukiite H. Ukikijua hicho, kila kitu kingine kinafunguka: maji hutoka penye kimo kikubwa kwenda penye kimo kidogo, na tofauti ya kimo ndiyo inayoliwa na msuguano wa bomba. Sharti ni moja, kwamba maji yanayoingia makutano yawe sawa na yanayotoka. Kwa hiyo unakisia H, unapata mitiririko mitatu, unajumlisha, kisha unarekebisha kisio lako.

Dalili ya 1: Hujui tangi la kati linatoa au linapokea

Sababu inayoongoza ni kuanza na kisio lisilo na maana, kwa mfano namba yoyote iliyo kati ya A na C, kisha kupotelea kwenye namba. Kisio la kwanza liwe kimo cha tangi la kati lenyewe. H ikiwa sawa na kimo cha B, bomba la B halina tofauti ya kimo, maji yake yamesimama, na swali linabaki kati ya A na C tu.

Kwa mfano wetu weka H = 33. Kutoka A hadi makutano kuna mita 9, kwa hiyo mtiririko wake ni kipeuo cha pili cha 9 ÷ 0.01958, yaani lita 21.44 kwa sekunde. Kutoka makutano hadi C pia kuna mita 9, na mtiririko ni lita 24.31. C inavuta kuliko A inavyoleta. Upungufu huo wa karibu lita 2.9 hauwezi kutoka popote isipokuwa B, na ili B itoe, kimo cha makutano lazima kiwe chini ya 33. Mwelekeo umejulikana kwa jaribio moja: B inatoa.

Lau A ingeleta zaidi ya C inavyovuta, ziada ingelazimika kwenda B, na H ingekuwa juu ya 33. Tazama kwamba vimo vya mfano wetu vimepangwa kwa usawa kamili, mita 9 juu na mita 9 chini, na bado B inatoa. Urefu wa bomba la A, mita 900 dhidi ya 700 za C, umetosha kuamua. Anayetazama vimo peke yake bila kutazama mabomba hawezi kuliona hili.

Kuna njia nyingine ya kuuliza swali lilelile, nayo ina faida yake. Chukulia valvu ya B imefungwa, kisha utafute kimo cha makutano kati ya A na C. Ni (42 × 0.01523 + 24 × 0.01958) ÷ (0.01958 + 0.01523), yaani mita 31.88. Kimo hiki ndicho mpaka. Maji ya B yakiwa juu ya 31.88, B inatoa. Yakiwa chini yake, B inapokea. Faida yake ni kwamba unajua pia B itashuka hadi wapi. Vimo vya A na C vikibaki palepale, B itashuka kutoka 33.0, polepole zaidi kadiri inavyokaribia 31.88, kisha itasimama hapo. Ukiona tangi la kati linashuka kila siku hadi mstari uleule wa kutu au chokaa ukutani na halivuki, usianze kutafuta mahali linapovuja. Fanya hesabu hii kwanza.

Dalili ya 2: Kikokotoo kinakataa, au jedwali linaonyesha kosa kwenye bomba la B

Hapa karibu mara zote umeandika H kasoro kimo cha B ndani ya alama ya kipeuo cha pili, na H imekuwa chini ya B. Namba hasi haina kipeuo cha pili, kwa hiyo kikokotoo kinagoma. Watu wengi hurekebisha kwa kuondoa alama ya hasi kisha kuendelea, na hapo ndipo balaa linapoingia: mtiririko wa B unabaki upande usio wake, na jumla haitakaa sawa hata ukisie mpaka jioni.

Dawa ni kuacha mwelekeo uamuliwe na alama yenyewe. Kwenye jedwali la kompyuta, weka vimo vya matangi safu ya A, k safu ya B, na kisio la H kwenye E1. Kisha kwa kila bomba:

```
=SIGN(A2-$E$1)*SQRT(ABS(A2-$E$1)/B2)
```

Jibu likiwa chanya, maji yanaingia makutano. Likiwa hasi, yanatoka. Jumlisha safu hiyo yote. Jumla chanya maana yake maji mengi yanaingia kuliko yanayotoka, basi kisio la H ni la chini mno, lipandishe. Jumla hasi, lishushe. Hakuna jambo jingine la kukumbuka.

Dalili ya 3: Unakisia na kukisia, jumla haifiki sifuri

Kabla ya kulaumu njia, hakiki kwamba jumla yako kweli imepita kutoka chanya kwenda hasi mahali fulani. Kama haijapita, bado hujalizingira jibu. Kama imepita, jibu liko katikati ya visio hivyo viwili, na huna haja ya kuruka nje tena.

Mfano wetu unakwenda hivi. Kwa H = 33 tulikuwa na upungufu wa lita 2.87. Kwa H = 32, A inaleta 22.60, B inaleta 3.89, C inapeleka 22.92; ziada ni 3.57. Jibu limezingirwa kati ya 32 na 33. Kwa 32.5, A inaleta 22.03, B 2.75, C inapeleka 23.62, ziada ni 1.16. Kwa 32.8 kuna upungufu wa 0.62. Kwa 32.7, A inaleta 21.79, B 2.13, C inapeleka 23.90, na ziada ni lita 0.02 tu. Hapo tunaishia: kimo cha makutano ni mita 32.70.

Ukitaka kufika haraka, kuna marekebisho ambayo hayahitaji kubahatisha. Chukua jumla uliyopata, izidishe kwa mbili, kisha igawanye kwa jumla ya Q ÷ h ya mabomba yote matatu, bila kujali alama. Kwa H = 32.5, Q ÷ h ni 2.32 kwa A, 5.50 kwa B na 2.78 kwa C, jumla 10.60. Mara mbili ya 1.16 gawanya kwa 10.60 ni 0.22. Kisio jipya ni 32.72, na hatua moja zaidi inakurudisha 32.70.

Njia hii ina mahali pa hatari, na wanafunzi wengi hukwama hapo: H ikiwa sawasawa na kimo cha B, bomba la B lina sifuri juu na sifuri chini, na mgawanyo hauna jibu. Karibu na hapo nako marekebisho huweza kuruka upande wa pili na kurudi, kwa sababu mtiririko wa B hupanda kwa ghafla sana pale tofauti ya kimo inapotoka sifuri. Kwa robo mita tu, bomba la B tayari linapitisha karibu lita 2. Ukiona visio vinaruka kama hivi, acha fomula, rudi kwenye kugawa katikati. Ni polepole, lakini haiwezi kukupotosha.

Kama jumla inabadilika alama pale tu unapogusa kimo cha tangi mojawapo, huenda data ina kosa. Tafuta kwanza kipenyo kilichoandikwa kwa milimita mahali palipohitaji mita, kisha k iliyogawanywa kwa milioni kwenye bomba moja na kusahauliwa kwenye mengine.

Dalili ya 4: Kimo cha makutano ni sahihi, lakini mitiririko yote imezidi kwa uwiano uleule

Hii ni dalili nzuri kwa sababu inakuelekeza moja kwa moja. Ukiweka geji makutano na ikakubaliana na H yako, lakini mita ya maji inaonyesha nusu ya lita ulizokokotoa, tazama kigezo cha msuguano. Vipo viwili vinavyotumika vitabuni: cha Darcy na cha Fanning, na cha Fanning ni robo ya cha Darcy. Aliyechukua 0.005 kutoka jedwali moja na kuiweka kwenye fomula ya jingine amefanya k zote kuwa robo, na mitiririko yote kuwa maradufu. Kimo cha makutano hakikuguswa, kwa kuwa H inaamuliwa na uwiano wa mabomba, siyo ukubwa wa k zenyewe.

Kinyume chake pia kinafaa kukumbukwa. H ikikataa kukubaliana na geji, na kosa ni la k, basi liko kwenye bomba moja au mawili, siyo kwenye yote kwa pamoja.

Kuhusu kigezo chenyewe, usikae ukikisafisha kwa siku nzima. Bomba la B kwenye mfano wetu linapitisha lita 2.13 kwa kasi ya mita 0.27 kwa sekunde, na kwa kasi ndogo hivyo kigezo chake halisi kiko karibu na 0.024. Ukilibadilisha, H inashuka hadi 32.67 na mtiririko wa B unakuwa kama lita 2.04. Tofauti ni ndogo kwa sababu kiasi anachotoa B kinaamuliwa hasa na pengo kati ya A na C. Hangaika na kigezo cha mabomba makubwa kwanza.

Dalili ya 5: Hesabu ni safi, geji makutano haikubaliani

Hapa toka mezani uende site. Anza na mambo rahisi.

La kwanza ni urefu wa geji yenyewe. Geji haipimi H. Inapima presha, na presha ni H kasoro urefu wa mahali geji ilipofungwa. Makutano ya mfano wetu yakiwa mita 12.0 juu ya usawa wa bahari, geji inatakiwa kusoma mita 20.7 za maji, karibu bar 2.03, kwa kuwa bar moja ni mita 10.2. Geji iliyofungwa juu ya kibomba cha mita moja na nusu kutoka chemba itasoma pungufu ya bar 0.15, na hiyo peke yake inaweza kukupa mwelekeo wa uongo wa B. Na hapa pwani, chumvi ya hewani huharibu geji upesi. Kabla ya kuiamini, ifungue hewani uone kama sindano inarudi sifuri.

La pili ni vimo vya matangi. Pima uso wa maji, siyo mdomo wa tangi wala paa lake. Lakini kama bomba linamwaga maji kutoka juu, kimo kinachohesabiwa ni cha mdomo wa bomba, haidhuru maji ndani ya tangi yako wapi. Jambo hili hubadilisha kila kitu kwa tangi la kati. Chukulia bomba la B linamwaga kutoka mita 34. Maji hayawezi kurudi kupitia mdomo ulio hewani, kwa hiyo B haiwezi kutoa kabisa. Na kwa kuwa kimo cha makutano B ikiwa imefungwa ni 31.88, chini ya 34, haiwezi kupokea pia. Bomba limekaa kimya mchana kutwa. Fundi asiyejua hili atakata bomba kutafuta kizibo ambacho hakipo. Vivyo hivyo, valvu ya kuzuia maji kurudi iliyofungwa kwenye bomba la B itazuia B kutoa. Ukiikuta, hesabu ya mabomba mawili inatosha.

La tatu ni watu waliochota njiani. Hesabu hii inachukulia kwamba hakuna anayetoa maji kwenye makutano wala katikati ya bomba. Nyumba zilizounganishwa kwenye bomba la A kabla ya makutano zinamega maji, na H inashuka. Pima usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, kisha urudie adhuhuri. Pengo kati ya vipimo viwili litakuambia.

La nne, na hapa nataka tukae kidogo, ni chokaa ndani ya bomba. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe ni magumu, na yakipita miaka kwenye bomba huacha ganda. Kipenyo kiko kwenye fomula kwa kipeo cha tano, kwa hiyo ganda dogo lina nguvu kubwa. Weka ganda la milimita 5 kuzunguka bomba la C, kipenyo kikashuka kutoka 150 hadi 140. Kipeo cha tano cha 150 ÷ 140 ni 1.41, na k ya C inapanda hadi 0.0215.

Sasa rudi kwenye jaribio la kwanza. Kwa H = 33, A inaleta 21.44 kama mwanzo, lakini C inavuta 20.46 tu. A imezidi. B, iliyokuwa inatoa zaidi ya lita 2 kwa sekunde, sasa inapokea. Ukimaliza kukisia utapata H = 33.05 na lita 0.87 zinazoingia B. Ganda ambalo hulioni kutoka nje limegeuza mwelekeo wa maji. Watu wa mtaani watafurahi kwamba tangi lao limeanza kujaa, huku nyumba za wageni pwani zikilalamika maji yamepungua, na malalamiko hayo mawili yametoka kwenye chanzo kimoja. Ukisikia malalamiko ya C na furaha ya B kwa wakati mmoja, shuku bomba la C. Ukikuta B inashuka haraka kuliko zamani huku C pia ikipungua, shuku bomba la A.

Kuthibitisha, kata kipande kifupi mahali pa maungio wakati wa matengenezo na upime kwa kalipa. Kipande kimoja hakisemi habari za bomba zima, ila kitakuambia kama unashuku jambo la kweli.

Dalili ya 6: Tangi la kati linashuka mchana na kujaa usiku

Hili huletwa kama hitilafu, na mara nyingi siyo hitilafu hata kidogo. Tangi C likijaa, boya lake hufunga. Bomba la C linakuwa halipo, na A inabaki na B peke yake. Mita 9 za tofauti zinagawanyika kwenye bomba la A na la B yakiwa yamefuatana, na mtiririko ni kipeuo cha pili cha 9 ÷ (0.01958 + 0.06608), yaani lita 10.25 kwa sekunde. Makutano yanapanda hadi mita 39.94. Mchana B inatoa lita 2 na kidogo, usiku inapokea lita 10. Geji ya makutano nayo itaruka kutoka bar 2.03 hadi karibu bar 2.74, na anayeisoma mara moja tu kwa siku ataona ugomvi usiokuwepo.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu, uliza boya la C limefunga au limefungua. Kama B inarudi juu kila alfajiri, mfumo unafanya kazi yake. Kama hairudi, hakiki kwanza kama boya la C linafunga kweli. Boya lililokwama wazi linamwaga maji ya C nje na kuinyima B usiku wake.

Dalili ya 7: Unataka B ipokee hata mchana

Kuna njia mbili za kawaida. Njia ya kudumu ni kuongeza bomba la A, ama kulibadilisha ama kulaza la pili sambamba nalo. Njia ya haraka ni kuibana valvu ya C, na hii inaweza kuhesabiwa badala ya kuzungushwa kwa kubahatisha.

Tuseme B ipokee lita 3 kwa sekunde ikiwa na maji mita 33. Bomba lake litakula 0.06608 × 9, mita 0.59, kwa hiyo H lazima iwe 33.59. Kutoka 42 hadi hapo ni mita 8.41, na A italeta lita 20.72. C itabaki na 17.72. Mita zilizopo kati ya makutano na C ni 9.59, na bomba lenyewe litakula 4.78. Zilizosalia, mita 4.81, ndizo valvu inatakiwa kula. Fungia geji kabla na baada ya valvu, ibane mpaka tofauti iwe karibu bar 0.47, kisha hakiki kwa mita ya maji. Jua unachokubali: C imepoteza zaidi ya lita 6 kwa sekunde, robo ya haki yake. Watu wa C waambiwe kabla, siyo baada.

Bana polepole. Maji ya bomba la C yanakwenda mita 1.35 kwa sekunde, na valvu ikifungwa ghafla kwenye bomba la plastiki presha inaweza kuruka kwa karibu mita 55 juu ya ile iliyokuwepo, kwenye chuma zaidi ya mara mbili ya hapo. Zungusha kwa dakika kadhaa, na uwe umesimama pembeni ya maungio.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Hesabu ikionyesha H iko chini ya urefu wa makutano yenyewe, acha. Maana yake presha ndani ya bomba imeshuka chini ya ile ya hewa, na bomba linanyonya. Kila ufa mdogo utaingiza hewa, na mahali palipo karibu na shimo la maji machafu utaingiza uchafu. Hili si suala la kurekebisha valvu. Lipelekwe kwa mhandisi wa maji, na maji ya C yapimwe kabla ya watu kuendelea kuyanywa.

Usiingie kwenye chemba ya kina peke yako, hata kama unaona sakafu. Hewa mbaya inaweza kukaa chini, na mara nyingi haina harufu ya kukuonya. Acha mfuniko wazi kwanza, pima hewa, na mtu abaki juu akiwa na kamba.

Pampu ikiwa inasukuma moja kwa moja kwenye bomba la A badala ya tangi, hesabu yote ya hapa haikuhusu tena: kimo cha A kinabadilika kwa kadiri maji yanavyotoka, na utahitaji mchoro wa pampu hiyo kutoka kwa aliyeiuza. Umeme wake pia si wa fundi bomba. Na bomba linalomilikiwa na kampuni ya maji ya mji haliguswi valvu yake bila ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu huko nyuma ya chemba yako huenda kuna tangi la nne ambalo halimo kwenye karatasi yako.